Usimpigie mstaafu wimbo ambao hujausoma beti zote

"Wadau, Ijumaa tunamuaga mzee wetu anayestaafu, tumekaa naye miaka 30. Nataka aingie ukumbini na 'My Way' ya Frank Sinatra. Kuna nyimbo nyingine za kugusa moyo? Na zipigwe ngapi?"

Futa huo wimbo leo hii. Mimi niliupiga tulipomuaga mkuu wa idara yetu, na bado unaniuma.

Mzee alikuwa ametumika miaka 34. Miezi miwili kabla ya hafla alifanyiwa upasuaji wa moyo, na ofisi nzima tulijua. Mshereheshaji akaniambia, "Weka huo tu, wastaafu wote wanaupenda." Nikamwamini, maana wengi wetu tunakijua kile kipande cha mtu kujisifu kuwa ameishi apendavyo. Basi mzee akaingia ameshikana mkono na mkewe, na mwimbaji akaanza kwa kutangaza kwamba mwisho umekaribia na yuko mbele ya pazia la mwisho. Mama akasimama palepale katikati ya ukumbi. Akamgeukia mumewe, akaanza kumfunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Yule mshereheshaji sijamsamehe. Mtu anayelipwa kwa kazi ya kusema mbele za watu alishindwa kusikiliza nusu dakika ya maneno.

Baadaye ndipo nilipofuatilia. Muziki huo ulitoka kwenye wimbo wa Kifaransa wa 1967, "Comme d'habitude", unaohusu wapenzi ambao penzi lao limebaki mazoea tu. Paul Anka akauandikia maneno mapya ya Kiingereza, Sinatra akautoa 1969. Katika maneno hayo mapya, mtu anatazama nyuma akiwa ukingoni mwa maisha. Mzee wenu anaaga kazi tu.

Kwa hiyo wimbo wowote utakaopendekezwa, zima muziki, chukua maneno, uyasome kwa sauti beti zote huku ukitaja jina la mzee, kama vile unamwambia yeye mbele ya mkewe na watoto. Ukiona haya kutamka, huo ni wa mapenzi. Ukisita kwa hofu, huo ni wa msiba. Kiitikio kisikudanganye, kwani mara nyingi kinasema "kwaheri" au "nitakukumbuka" tu, halafu ubeti wa tatu ndio unaotaja kaburi au busu.

Mwaka uliofuata tulimuaga katibu muhtasi wetu kwa wimbo wa urafiki. Tulipousoma hivyo, ubeti wa mwisho ukawa unamlaumu mtu kwa kuondoka. Tukawaomba waimbaji wauruke na kurudia ule wa shukrani. Tukauweka baada ya hotuba yake, kwa sababu ukitangulia, machozi yanamziba koo anashindwa kusema. Alisema yote aliyotaka, akakunja karatasi yake, ndipo wimbo ukaanza, naye akaimba nasi hadi mwisho.