Vichwa vitano visivyofanya kazi, na bosi analipa

Juzi msomaji mmoja wa Likoni ameniuliza: timu yao ni watu tisa, mbona programu ya kazi wanatozwa ya watu kumi na nne? Swali hilo nalijua kwa uchungu, maana hata sisi tulikuwa tisa tukatozwa kumi na nne. Kwetu, ofisi ya uwakala wa forodha huku Kilindini, bosi aliniuliza mbele ya makarani kama nimewaandikisha jamaa zangu. Sijalisahau neno lile.

Programu hizi hulipiwa kwa kichwa. Yetu ni dola 8 kwa mwezi kila mtu, kwa hiyo vichwa 14 ni dola 112. Sisi tisa tungelipa 72.

Nilifungua ripoti ya matumizi, nikakuta Active ni 9. Ukurasa wa malipo nao ukasema Active 14, na kila mmoja ulikuwa na haki. Ripoti ilihesabu walioingia ndani ya siku 30. Malipo yalihesabu kila akaunti ambayo haijafutwa, hata kama mwenyewe hajaigusa tangu Ramadhani. Basi nikachapisha orodha ya malipo, nikaketi na kalamu, jina baada ya jina.

Wawili walikuwa wanafunzi wa atachimenti waliokwisha kurudi chuoni. Wa tatu ni karani aliyehama. Akaunti yake iliwekwa Suspended na kila mtu akadhani yamekwisha. Suspended humzuia mtu kuingia tu, malipo yanaendelea. Google Workspace nao hutoza hivyo hivyo. Wa nne ni mteja wa Changamwe: mgeni wa mradi mmoja ni bure, lakini mtu alimwongeza kwenye wa pili, akageuka kichwa kamili. Trello pia ina kanuni ya namna hiyo kwa mgeni wa bodi zaidi ya moja. Wa tano hakuwa hata mtu, ni akaunti ya kutuma taarifa za meli.

Mteja nikamrudisha mradi mmoja, taarifa za meli nikazihamishia akaunti yangu na ile ya tano nikaifuta, watatu waliobaki nao nikawafuta. Ankara iliyofuata ilikuja dola 72. Bosi alisema "sawa", basi.

Wewe dada wa Likoni, usidanganywe na ripoti ya matumizi. Soma ukurasa wa malipo, usome na masharti, maana kampuni hazifanani. Slack, kwa mfano, hurudisha salio kwa aliyelipiwa kisha akaacha kutumia. Angalia pia mkataba. Sisi tunalipa kila mwezi. Wa mwaka mara nyingi hukuruhusu kuongeza mtu leo na kutozwa siku zilizobaki, ila kupunguza ni mpaka siku ya kuhuisha, kwa hiyo iandike tarehe hiyo ukutani.

Na kabla hujafuta akaunti ya mtu, hamisha faili zake. Mwanafunzi mmoja wa kwetu ndiye aliyekuwa mmiliki wa fomu zote za makontena.