Nembo ya rangi nne

"Fundi wa kuchapisha pale River Road anasema nembo yangu ya rangi nne itanipasua mfuko kwa aproni na mifuko. Ni kweli ama ananizungusha?"

Ni kweli, boss. Aproni na mifuko huchapishwa kwa skrini, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, na kila rangi inataka skrini yake na kupigwa peke yake. Ukiagiza vipande 20, gharama ya hizo skrini nne inagawanywa kwa vipande vichache mno. Anayesema rangi hazibadilishi bei amepatia upande wa bango tu, kwa sababu bango linatoka kwa mashine ya dijitali.

Mimi nauza chapati Umoja. Nembo yangu ya kwanza ilikuwa na chapati, mvuke na kikaango. Kwa duara dogo la WhatsApp ilionekana kama doa. Nilibaki na jina na mviringo mmoja, kahawia tupu. Yako ichapishe nyeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Jina lisiposomeka, toa kitu.

Namba ya rangi, mfano #7A3E12, iandike, lakini wino kwa kitambaa hautoki kama kwa simu. Hifadhi kipande kilichotoka vizuri, fundi alinganishe nacho.