Tangazo la mkaa mbadala: andika muda wa kuwaka, kilo za kiroba na bei ya jumla bila utata

Tangazo la mkaa mbadala linaloishia kusema kwamba mkaa huo "unakaa sana jikoni" halimwambii mnunuzi kitu cha kumfanya atoe fedha, kwa kuwa kila muuzaji anasema hivyo hivyo, na wapo wanaosema kweli kwa njia isiyomfaa mpishi. Ninatengeneza mkaa huu Mkuranga, mkoani Pwani, kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa, vikasagwa na kugandishwa kwa uji wa wanga wa muhogo, na ninachoeleza hapa ni namna ninavyoandika maneno machache yanayokaa chini ya picha ya viroba vyangu ninapoviuza mtandaoni.

Nianze na hilo la kukaa jikoni, kwa sababu ndilo linalobeba tangazo zima. Mkaa mbadala hukaa kwa kuwa umeshindiliwa: hewa hupenya polepole, kwa hiyo kipande huungua kutoka nje kuelekea ndani badala ya kushika moto wote kwa mara moja. Hiyo ni sababu njema. Iko sababu nyingine isiyo njema, nayo ni udongo. Anayechanganya udongo mwingi na unga wa mkaa hupata vipande vinavyodumu saa nyingi vikiwa vyekundu, lakini joto lake ni dogo, na majivu yake hubaki yakiwa na umbo lile lile la kipande, yakiziba matundu ya jiko. Mpishi anayeahidiwa muda peke yake anaweza kuuziwa udongo, na akishauziwa mara moja hawezi tena kumsikiliza muuzaji yeyote wa bidhaa hii. Kwa hiyo muda wa kuwaka usiandikwe peke yake. Uandikwe pamoja na kazi ambayo moto umefanya ndani ya muda huo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua jiko la udongo la kawaida, pima kilo 1 ya mkaa wa miti, koka moto, na ukishakolea bandika sufuria yenye lita 3 za maji iliyofunikwa. Andika saa yalipochemka, kisha endelea kuongeza maji ya moto kidogo kidogo hadi moto ushindwe kuyachemsha. Rudia siku nyingine kwa kilo 1 ya mkaa wako, jiko lile lile na sufuria ile ile, mahali pasipo na upepo, halafu upime na majivu. Kwangu mkaa wa miti uliyaweka maji yakichemka kwa saa moja na nusu hivi, na wangu kwa saa mbili na nusu, ila wangu ulichelewa kuyachemsha mwanzoni. Kuchelewa huko nako ni sehemu ya ukweli wa bidhaa, na ndiko kunakoonyesha imfae nani.

Mama mmoja anayekaanga chipsi, ambaye alikuwa amenunua kiroba kwa mtengenezaji mwingine, aliniambia: "Kaka, mkaa wenu unakaa kweli, lakini chipsi zangu zinanyonya mafuta." Alikuwa sahihi kabisa. Mafuta yasipopata joto kali, viazi huiva polepole na kuyanywa, na mkaa unaowaka taratibu hauwezi kuyarudisha kwenye joto haraka kila anapotumbukiza viazi vibichi. Yule yule angechemsha maharage au makande kwa mkaa huo angeusifu. Ndiyo maana katika tangazo ninataja vyakula kwa majina, na ninataja pia kazi ambayo mkaa wangu hauifai. Wafugaji wa vifaranga ni wateja wazuri sana wa moto wa taratibu, kwa kuwa wanahitaji joto la usiku kucha, mradi banda liwe na matundu ya kutolea hewa, maana mkaa mbadala nao hutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu sawa na mkaa wa miti.

Baada ya muda huja uzito. Mkaa wa miti tumezoea kuununua kwa gunia, debe au kopo, na gunia lenye lumbesa halifanani na la jirani, kwa hiyo anayeuza kwa kilo ana la kujivunia, alimradi kilo hizo ziwepo. Adui wake ni unyevu. Kiroba kilichojazwa kilo 50 wakati mkaa bado una unyevu wa asilimia 15, kikikaa stoo hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 8, kitabaki na kilo 46 na kitu, na mteja akikipima ataamini ameibiwa. Kabla ya kufungasha, pima vipande vichache asubuhi, viache juani kutwa nzima, uvipime tena jioni. Vikipungua uzito kwa kiasi kinachoonekana, rudisha mzigo wote kwenye vichanja. Vilivyokauka vikigonganishwa hulia kama vigae, na kikivunjwa, katikati yake hapana weusi uliokolea kuliko pembeni. Mizani nayo iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Sasa bei ya jumla, ambapo wengi hutaja punguzo kwa kukisia. Mimi hupiga hesabu kwa kilo. Tuseme kilo 1 hadi inatoka kwenye kichanja imegharimu shilingi 620. Kiroba cha kilo 50 kikinunuliwa kwa shilingi 1,000 kinaongeza shilingi 20 kwa kilo, na upakiaji shilingi 10, jumla 650. Mfuko wa kilo 5 ukinunuliwa kwa shilingi 400 unaongeza shilingi 80 kwa kilo, na ndiyo sababu halali ya kilo kuwa ghali zaidi kwenye mfuko mdogo. Nikiuza tani 1 kwa shilingi 820 kwa kilo, ninabaki na 170 kwa kilo. Lakini nikikubali kupeleka mzigo kwa kirikuu kinachobeba nusu tani kwa shilingi 40,000, usafiri peke yake unakula shilingi 80 kwa kila kilo, karibu nusu ya faida yote. Kwa hiyo mahali pa kuchukulia mzigo lazima patajwe kwenye sentensi ile ile yenye bei.

Kwa hesabu hizo, tangazo linakuwa hivi:

"Mkaa mbadala wa vifuu vya nazi, mkavu, hauna udongo. Kilo 1 kwenye jiko la udongo iliweka sufuria ya maji lita 3 ikichemka kwa saa 2 na nusu. Unafaa kwa maharage, makande, supu, nyama choma na joto la vifaranga. Kwa chipsi na chapati tumia mkaa wa kawaida. Kilo 5 ni sh. 5,500, kilo 10 ni sh. 10,000; kilo 25 ni sh. 23,000, kilo 50 ni sh. 44,000. Ukichukua viroba 20 vya kilo 50 (tani 1) au zaidi, kila kiroba ni sh. 41,000. Bei ni za kuchukulia kiwandani Mkuranga. Usafiri ni juu ya mnunuzi. Usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa."

Mwishoni ninaongeza mwezi na mwaka wa bei hizo, kwa sababu picha husambazwa kwenye makundi ya wafanyabiashara muda mrefu baada ya muhogo kupanda bei, na mteja anayekuja na bei ya zamani anastahili kuona tarehe hiyo kabla hajakodi gari.