Hakulipa au hajalipa: ukanushi kwa mhariri anayeanza kazi

Ikiwa umeanza kazi kwenye dawati la Kiswahili katika chumba cha habari hapa Nairobi, huenda rasimu zako za kwanza zikawa habari za mahakama au za vikao vya kaunti. Zingatia sentensi hizi mbili: "Mshtakiwa hakulipa faini" na "Mshtakiwa hajalipa faini." Ya kwanza inasema kwamba wakati wa kulipa ulifika ukapita, naye hakutoa pesa. Ya pili inasema kwamba hadi habari inapoandikwa pesa hazijatolewa, lakini huenda akazitoa leo jioni. Mtu akisomewa ya kwanza ilhali ukweli ni ya pili, amelaumiwa kwa jambo ambalo bado hajalikosa. Kwa sababu hiyo naona ukanushi ndio sehemu ya sarufi ambayo mhariri mpya anapaswa kuishika kabla ya nyingine zote, na katika ukanushi, hizi silabi mbili za -ku- na -ja- ndizo zinazostahili muda wake mwingi.

Tuanze na mahali pa kikanushi. Kitenzi cha kawaida kinachotoa taarifa hukanushwa kwa ha-, nayo hukaa mwanzoni kabisa, mbele ya kiambishi cha nafsi au cha ngeli: tulisoma huwa hatukusoma, kimevunjika huwa hakijavunjika, zitafika huwa hazitafika. Katika nafsi tatu za umoja viambishi huungana. Ha- na ni- hutupa si-, ha- na u- hutupa hu-, na ha- na a- hutupa ha- moja tu. Hii si- ya "sikusoma" isikuchanganye na -si- nyingine tutakayoifikia baadaye, ambayo hukaa ndani ya kitenzi baada ya nafsi, kama katika "nisisome". Ya kwanza imekwisha kuibeba nafsi ndani yake, lakini ya pili huiacha nafsi ibaki mbele.

Ha- inapoingia, alama ya wakati haibaki salama kila mara. Wakati ujao ndio mpole kuliko zote, kwani -ta- haiguswi: atasoma, hatasoma. Wakati uliopo hupoteza -na- yake, na irabu ya mwisho -a hugeuka kuwa -i: anasoma, hasomi. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo haviishii kwa -a havibadiliki mwishoni, kwa hiyo tunasema hajibu, hafikiri, hasamehe. Hali ya mazoea nayo haina ukanushi wake wa pekee, hivyo "yeye husoma gazeti" hukanushwa kwa umbo lilelile la "hasomi gazeti", na msomaji hawezi kujua kama unasema sasa hivi au siku zote usipomwongezea neno kama "kwa kawaida". Tofautisha pia "hujua" na "hujui": la kwanza ni la mazoea na ni yakinishi, la pili linamkanushia unayezungumza naye.

Sasa tuje kwenye wakati uliopita na hali timilifu, ambako alama ya wakati haipotei bali hubadilishwa na nyingine. Mahali pa -li- panakaliwa na -ku-, na mahali pa -me- panakaliwa na -ja-. Alifika ni hakufika, amefika ni hajafika. Katika mazungumzo utawasikia watu wengi wakisema "jana sijaenda kazini", na usemi huo huingia katika rasimu bila mwandishi kuutambua. Katika maandishi sanifu usiuache. Njia ya kupima ni nyepesi: jaribu kuongeza neno "bado" baada ya kitenzi. "Kamati haijakutana bado" inakubalika, kwa maana tendo lingali linatarajiwa. "Jana kamati haijakutana bado" inagongana yenyewe, kwa sababu jana imefungwa na haiwezi kutarajia chochote. Kila panapotajwa wakati uliokwisha, kama vile jana, Jumanne iliyopita au mwaka 2010, andika -ku-. Palipo na "hadi sasa", "kufikia leo" au "bado", andika -ja-. Pasipokuwa na neno lolote la wakati, usikisie, muulize mwandishi kama tendo lile lingali linawezekana.

Makosa yanayorudi kuliko yote hapa jijini ni ya vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja: ja, la, nywa, fa na wenzake. Utakuta "hajakuja", "sijakula", "hawajakunywa". Katika Kiswahili sanifu ni hajaja, sijala, hawajanywa. Sababu yake iko katika mkazo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi kama -na-, -li-, -me- na -ta- haviubebi. Mzizi unapokuwa wa silabi moja, lugha huleta ile ku- ya jina la kitenzi ili iupokee: anakuja, alikula, amekunywa, atakufa. Kwa kuwa -ta- inabaki katika ukanushi, ku- pia hubaki, nasi tunasema hatakuja. Lakini -ja- hubeba mkazo yenyewe, na -ku- ya wakati uliopita pia huubeba, kwa hiyo ku- ya msaada haina kazi tena na huondoka. Ndiyo maana alikuja hukanushwa kwa "hakuja", wala si "hakukuja". Katika wakati uliopo, ha- ya kikanushi hubeba mkazo pia, na tunapata haji, hali, hanywi. Umbo hili la mwisho huwatisha wanaoanza kwa ufupi wake, na "hali" hufanana na nomino, lakini ndilo sahihi.

Katika "hakuja" na "hajaja", silabi ja haifanyi kazi moja. Katika "hakuja" ni mzizi, na wakati umebebwa na -ku-. Katika "hajaja" ja ya kwanza ni alama ya wakati na ya pili ni mzizi. Mhariri anayelisoma neno silabi kwa silabi hupata jibu palepale, ilhali anayeliamua kwa sikio atavutwa na desturi ya mtaani.

Silabi -ku- nayo ina kazi zaidi ya moja, na hapa hupotea maana nzima za sentensi. Inaweza kuwa alama ya wakati uliopita uliokanushwa, inaweza kuwa kiambishi cha wewe unayetendewa, na inaweza kuwa kiambishi cha mahali. Linganisha "sikuona", yaani jana sikuona chochote, na "sikuoni", yaani sasa hivi siwezi kukuona wewe, na "sikukuona", yaani wakati ule sikukuona wewe. Linganisha pia "hakuwa na maji" na "hakukuwa na maji". La kwanza linamsema mtu, kwamba yeye hakuwa na maji. La pili linasemea mahali: kulikuwa na maji, hakukuwa na maji, ambapo -ku- ya kwanza ni ya mahali na ya pili ni ya wakati. Waandishi wengi huiona -ku- ya pili kama kosa la uchapaji wakaifuta, na sentensi ikabaki na mtu ambaye hakutajwa.

Nitakuonyesha haya katika rasimu fupi niliyoitunga kwa kukusanya makosa ya kawaida: "Jana mhandisi hajakuja mtaani. Maji hayakurudi hadi sasa. Mwenyekiti alisema hakuwa na taarifa ofisini." Katika sentensi ya kwanza kuna makosa mawili katika kitenzi kimoja. Neno "jana" linadai -ku-, na mzizi wa silabi moja unakataa ku- ya msaada, hivyo tunapata "Jana mhandisi hakuja mtaani." Katika ya pili, "hadi sasa" inadai -ja-, kwa hiyo tunaandika "Maji hayajarudi hadi sasa." Sentensi ya tatu haina kosa la sarufi, na hiyo ndiyo hatari yake. Je, mwenyekiti ndiye hakuwa na taarifa, au ofisini ndiko hakukuwa na taarifa? Mwenyekiti akikiri kwamba yeye hana taarifa, huenda mtu mwingine pale ofisini anayo. Hapo hakuna kanuni itakayokusaidia, bali ni kumpigia simu mwandishi na kumwuliza alichokisikia.

Imebaki -si- ya ndani. Hii hutumika pale ambapo kitenzi hakitoi taarifa ya moja kwa moja: katika makatazo na maombi (usiende, wasichelewe), katika masharti, ambako -ki- hugeuka kuwa -sipo- (akifika, asipofika), na katika vitenzi vyenye kirejeshi (asiyelipa, wasiofika). Kwa -nge- maumbo yote mawili yanatumika: wengi hapa Kenya huandika "hangefika", na wengi Tanzania huandika "asingefika". Chagua moja, ulifuate katika habari nzima.

Katika kirejeshi, -si- huondoa alama ya wakati kabisa, na hapa tunarudi kwenye faini yetu. "Wafanyabiashara wasiolipa ada" wanaweza kuwa wale ambao hawalipi, hawakulipa, hawajalipa au hata hawatalipa. Katika sheria au tangazo upana huo unafaa, maana agizo linawahusu wote wa wakati wowote. Katika habari haufai. Afisa akisema kwamba vibanda vya wasiolipa vitafungwa, mhariri hana budi kujua kama ni wale ambao hawakulipa kabla ya tarehe iliyowekwa au wale ambao hawajalipa hadi siku ya kufunga. Mwenye kibanda aliyechelewa kwa siku moja lakini akalipa yumo katika kundi la kwanza, hayumo katika la pili. Unapojua jibu, vunja kirejeshi na uandike "ambao hawakulipa kufikia tarehe ile" au "ambao hawajalipa", ili wakati urudi mahali pake.

Kuna -si- moja zaidi ambayo waandishi vijana wanaiacha ipotee, nami ninaipenda sana. Masimulizi ya -ka- hayana ukanushi wa -ka-. Unaweza kuandika "alimtafuta wala hakumpata", lakini tendo la pili linapofuata la kwanza moja kwa moja, unaweza pia kuandika "alimtafuta asimpate", "walimwita asiitike", "akaenda asirudi". Ukiikuta katika rasimu, usiisahihishe kuwa -ku-. Wakati umekwisha kutajwa na kitenzi cha kwanza, na cha pili kinauazima kutoka hapo.