Adrenalini hudungwa pajani: jibu kwa mama aliyeniuliza kuhusu EpiPen

Msomaji mmoja anayeishi Uingereza kama mimi ameniandikia kwamba mwanawe amegunduliwa kuwa na mzio wa karanga, na kwamba hospitali imempa EpiPen mbili, yaani sindano za adrenalini zilizo tayari kudungwa, pamoja na karatasi ya maelekezo. "Dada," ananiuliza, "karatasi inasema nishikilie kwa sekunde 3, video niliyotumiwa na rafiki inasema 10, na mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga anasisitiza kwamba sindano ya mtoto ni ya takoni. Nifuate lipi?" Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa sababu maswali yake yote niliwahi kuyajibu kwa vitendo katika ukumbi wa harusi mjini Leicester, binti yangu akiwa amelala sakafuni na ndugu wengi wakiwa wamemzunguka, kila mmoja na rai yake.

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 9 na uzito wa kilo 32, na mzio wake ni wa korosho. Kuku aliyepakuliwa jioni ile alikuwa na mchuzi mzito, na uzito ule ulitokana na korosho zilizosagwa, jambo ambalo aliyepakua hakulijua. Mtoto alikula vijiko vichache, akasema koo linamwasha, kisha akaanza kukohoa kikohozi kisichokatika. Baada ya muda mfupi sauti ilikwaruza, akatapika, na kilichonishtua zaidi ni kwamba alilegea na kutaka kulala katikati ya kelele za ngoma. Ngozi yake ilikuwa safi kabisa. Wengi wetu tunasubiri kuona vipele na uvimbe wa uso ndipo tuamini kwamba ni mzio, ilhali dalili za kuogopa ni za pumzi na za mzunguko wa damu, yaani kukohoa mfululizo, kukoroma kifuani, sauti kubadilika, ulimi kuvimba, kupauka, kizunguzungu na kulegea. Mtu mwenye mzio unaojulikana akipata mojawapo ya hizo baada ya kula, hudungwa papo hapo. Dawa ya kunywa ya mzio hupunguza mwasho, lakini haifungui koo wala haipandishi shinikizo la damu lililoporomoka.

Shangazi mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba ninamlea mtoto kizungu kwa kuulizauliza kila chakula kimepikwa na nini, aliagiza maziwa. Mwingine alitaka mtoto ainuliwe apelekwe nje apepewe. Nami nilipotoa sindano, mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, alisema, "Mwanangu, mgeuze umdunge takoni." Nilimwambia, "Hapana mama, hii ni ya paja," nikaendelea na kazi. Kusema kweli bado najivunia jinsi sauti yangu ilivyotulia, na bado inaniuma kwamba ilinibidi nibishane huku mwanangu akihangaika kupumua.

Rai ya mama mkwe ina asili yake, kwa kuwa sindano nyingi tulizodungwa utotoni zilikuwa za takoni au za mkono. Hata hivyo tako lina tabaka nene la mafuta ambalo sindano fupi ya kifaa hiki huenda isilivuke, na dawa ikibaki katika mafuta huingia katika damu polepole. Mahali panapotakiwa ni upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti, ambapo kuna msuli mkubwa wenye damu nyingi na usiofunikwa na mafuta mengi. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1998 ulipima adrenalini katika damu ya watoto: waliodungwa katika msuli wa paja walifikia kilele kwa wastani wa dakika 8, na waliodungwa chini ya ngozi kwa wastani wa dakika 34. Mtu ambaye koo linamziba hana dakika 34 za kusubiri.

Sindano hii hupita katika nguo za kawaida, kwa hiyo hakuna haja ya kumvua mtu suruali. Kinachoizuia ni mshono mnene, au mfuko wenye simu, funguo au pochi, kwa hiyo pitisha kiganja pajani kwanza uhakikishe kwamba hakuna kitu kigumu. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la sherehe lenye bitana na shanga, nikalipandisha na kudunga kupitia soksi zake ndefu.

Kuhusu kushika chenyewe, watoto wa shule hapa hufundishwa kwamba buluu huelekea mbinguni na rangi ya chungwa huelekea pajani. Unaifumbata EpiPen kwa ngumi, bila kuweka kidole gumba juu ya ncha yoyote, kwa sababu kuna watu walioishika kinyume wakajidunga kidole, na hapo dozi hupotea na aliyejidunga naye huhitaji kwenda hospitali. Kizibo cha buluu huvutwa moja kwa moja kwenda juu, bila kukipinda wala kukizungusha. Kisha ncha ya rangi ya chungwa husukumwa kwa nguvu pajani, ikiwa imesimama wima dhidi ya paja, mpaka usikie mlio wa "ta!" Hapo ndipo kuhesabu kunapoanza. Nimewaona watu katika mazoezi wakisikia mlio ule na kuondoa mkono mara moja, wakidhani kwamba kazi imekwisha, kumbe mlio huo unaonyesha kwamba sindano imeanza.

Sasa nije kwenye hesabu iliyomchanganya msomaji wangu. Karatasi yake na video yake huenda zote zilikuwa sahihi kwa wakati wake, kwani maelekezo ya zamani ya EpiPen yalitaka sekunde 10, na ya sasa yanataka 3. Muda ulipunguzwa baada ya kuonekana kwamba dawa hutoka upesi, na kwamba watoto waliorusha miguu huku sindano ikiwa ndani walichanwa ngozi, wengine vibaya. Kwa sababu hiyo hiyo maelekezo ya sasa yanasisitiza kwamba mguu wa mtoto ushikiliwe imara kabla na wakati wa kudunga. Jext, sindano ya adrenalini ya aina nyingine ambayo nayo hutolewa hapa Uingereza, bado inataka sekunde 10. Jibu langu kwake, basi, ni kwamba asome maandishi yaliyo kwenye kifaa alichopewa yeye, na ahesabu kwa sauti na bila haraka, kwa kuwa mwenye hofu huweza kumaliza tatu kabla ya sekunde moja kupita. Mimi nilihesabu kwa sauti huku mume wangu akiwa amepiga magoti na kushika goti na kifundo cha mguu wa binti yetu.

Nilipoichomoa, ala ya rangi ya chungwa ilikuwa imerefuka na kufunika sindano, na hiyo ndiyo alama ya kwamba imefanya kazi. Ndani ya EpiPen hubaki kimiminika kingi hata baada ya kutumika, kwa kuwa kifaa kimeundwa kutoa mililita 0.3 tu kati ya takribani 2. Mtu asiyejua hilo huona dawa imebaki na kujaribu kudunga tena kwa kifaa kilekile, nacho hakitoi kitu.

Simu hupigwa baada ya kudunga, au kwa wakati uleule ikiwa kuna mtu wa pili, na kamwe usiache kudunga ili upige simu kwanza. Nilimwonyesha kijana mmoja kwa kidole, nikamwita kwa jina, nikamwambia apige 999 na aseme neno "anafilaksisi", yaani mzio mkali unaohatarisha maisha, mapema kabisa, kisha mtoto wa miaka 9, adrenalini imetolewa, na msimbo wa posta wa ukumbi. Ukisema tu kwamba mtoto ana mzio, anayekusikiliza anaweza kufikiria mafua ya chavua au vipele. Ukisema "jamani mtu apige simu," watu mia watasubiriana. Nilimtuma mwingine asimame barabarani awaelekeze wahudumu wa gari la wagonjwa, maana ukumbi ule una milango mingi.

Nilikataa kabisa mtoto ainuliwe. Katika hali hii damu hukosa shinikizo la kurudi moyoni, na mtu akisimamishwa ghafla moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma. Kuna waliofariki muda mfupi baada ya kusimamishwa au kuketishwa. Mgonjwa hulazwa chali na miguu ikainuliwa. Anayehangaika sana kupumua huruhusiwa kuketi huku miguu imenyooshwa, na mjamzito hulala ubavu wa kushoto. Chooni haendi, garini hatembei, hata akisema amepata nafuu.

Baada ya dozi ya kwanza kikohozi kilipungua, lakini alibaki amepauka na sauti haikurudi. Dakika 5 zilipotimia bila nafuu ya kuridhisha nilitumia EpiPen ya pili kwenye paja lingine. Hii ndiyo sababu ya kupewa mbili na ya kuzibeba zote mbili pamoja, badala ya kuacha moja nyumbani na nyingine shuleni. Alianza kutetemeka na moyo ukamwenda mbio, akaniambia anaogopa. Mtetemeko huo ni kazi ya adrenalini yenyewe na hupita. Wahudumu walipofika aliweza kutaja jina lake kwa sauti yake ya kawaida. Hospitalini tulikaa usiku kucha, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia, na kwa mwongozo wa hapa aliyehitaji dozi mbili huangaliwa kwa saa 6 au zaidi tangu dalili zilipoisha.

Kina mama wenzangu, nawaomba muache kuona haya mbele ya wakwe na mashangazi. Mwuliza chakula si mjeuri. Omba hospitalini au duka la dawa kifaa cha mazoezi, ambacho hakina dawa wala sindano, na kila anayekaa na mtoto akitumie mbele yako, bibi aliyetoka Tanga akiwa wa kwanza. Mama mkwe wangu sasa hudunga paja la mto wa kochi vizuri kuliko wanangu.

Mkisafiri kwenda nyumbani likizo, chukueni EpiPen za kutosha kutoka huku, kwa sababu Tanzania na Kenya vifaa hivi ni vigumu kupatikana, ingawa hospitali zina adrenalini ya kichupa ambayo mhudumu huivuta kwa bomba na kuidunga katika paja hilohilo. Zibebeni kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Haziwekwi katika friji, wala haziachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kila mwezi tazameni dirisha dogo la kifaa: dawa ikiwa na rangi ya kahawia au chembechembe, ibadilisheni hata kama tarehe yake haijafika. Na mahali ambapo gari la wagonjwa haliji upesi, mgonjwa aliyekwisha kudungwa hubebwa na kulazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, miguu juu, EpiPen ya pili ikiwa mkononi mwa anayekaa naye.