Mkiulizwa kuhusu mlima mkubwa wa Mirihi

Nyinyi mnaoanza kuwaonyesha watu nyota jioni pale Mama Ngina, swali hili halitachelewa kuwafika: kwa nini volkeno za Mirihi, kama ule mlima mkubwa uitwao Olympus Mons, ni ndefu kushinda zetu? Msikimbilie kujibu kwamba uvutano wa kule ni mdogo. Mimi nilijibu hivyo siku zangu za mwanzo, tena kwa mbwembwe. Nikasema uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, kwa hiyo mlima haulemewi na uzito wake. Mzee mmoja akashusha kikombe chake cha kahawa. "Mwanangu, na mwezi je? Uvutano wake si mdogo zaidi? Mbona hauna mlima kama huo?" Nikabaki kimya.

Uvutano mdogo huuwezesha mlima kusimama, lakini haumwagi lava. Anzeni na lava.

Mimina uji mzito polepole juu ya sinia lililotulia. Utapata lundo moja linalozidi kukua. Sasa mwambie mwenzako alivute sinia huku ukiendelea kumimina. Utapata safu ya vilima vidogo. Hiyo ndiyo Hawaii. Joto linapanda kutoka chini mahali pamoja, lakini bamba la Pasifiki, kile kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho juu yake, husogea takriban sentimita 7 kwa mwaka. Pigeni hesabu hapo hapo: miaka milioni moja, kilomita 70. Volkeno inaachishwa kunyonya kabla haijashiba, na nyingine inaanza nyuma yake. Hata Mauna Kea, ukiipima kutoka sakafu ya bahari, ina kilomita 10 hivi tu.

Mirihi ni sinia lililotulia. Ganda lake ni moja zima, halikugawanyika mabamba yanayosogea, kwa hiyo lava ya Olympus Mons ilirundikana palepale kwa muda mrefu mno hadi mlima ukafika kilomita 22 hivi. Ganda hilo pia ni nene, maana sayari ndogo hupoa upesi. Huko Hawaii sakafu ya bahari imebonyea kwa uzito wa milima yake. Mirihi, ganda nene na uvutano mdogo vimesaidiana kuubeba mzigo.

Msiwachoree kitu chenye umbo la Kilimanjaro, lakini. Upana wa Olympus Mons ni kama kilomita 600, kupita safari ya treni kutoka Miritini hadi Nairobi. Kwa wastani, ukitembea mita 100 unapanda mita 7 tu.

Yule mzee leo ningemwelekeza autazame mwezi wenyewe. Yale madoa meusi ni lava. Ilikuwa nyepesi mno, ikatiririka na kujaza mabonde makubwa badala ya kurundikana, kisha mwezi, kwa udogo wake, ukapoa mapema kuliko Mirihi.