Barua kwa mwanangu: vitunguu na machozi yake

"Mama shikamoo. Jana nilikata vitunguu sita vya biriani nikalia mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza nimefiwa na nani. Wewe ulikuwa unakata kilo nzima unapiga stori, unafanyaje? Alafu mbona kibichi kinachoma ulimi ila kikikaangwa kinakuwa kitamu kama kimetiwa sukari?"

Marahaba mwanangu. Nimecheka peke yangu hapa barazani, huyo jirani mpelekee sahani ya biriani maana ana utu.

Nianze na kitu ambacho ningekuwa bado nafundisha sayansi kimu ningekiandika ubaoni kwanza. Kitunguu kizima hakina kitu cha kukuliza. Hutaki kuamini, chukua kimoja ukifukie kwenye majivu ya moto na ganda lake mpaka kilainike, kiache kipoe, kikate. Hulii hata tone. Maana kile kinachokuliza hakimo ndani kikisubiri, kinatengenezwa pale pale kisu kinapopita.

Iko hivi. Ndani ya kila chembe ya kitunguu, zile seli mlizosoma sekondari, kuna kitu chenye salfa ambayo mmea umeinyonya ardhini, na pembeni, kwenye kijumba chake kilichofungwa, kuna kimeng'enya, yaani kichocheo kinachogeuza kitu kimoja kiwe kingine. Wanakaa nyumba moja vyumba tofauti na ugomvi hakuna. Kisu kikipasua ukuta wanakutana, na ndani ya sekunde chache panatokea hewa inayoruka juu ikakuta jicho lako limelowana, inachokoza mishipa ya fahamu, jicho nalo linamwaga machozi kujiosha. Zamani tulifundishwa kimeng'enya ni kimoja tu, ila mwaka 2002 Wajapani wakaonyesha kipo na cha pili ambacho kazi yake hasa ndo kutengeneza ile hewa ya machozi. Miaka 11 baadae wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha, ila kazi yenyewe haikuwa mchezo.

Sasa ukishajua hilo mbinu zote unaweza kuzipima mwenyewe. Ya kwanza ni kisu, na mimi siri yangu ilikuwa hiyo zaidi ya zote. Kisu butu hakikati, kinaponda, seli zinapasuka nyingi kuliko zinazohitajika na maji yanaruka, ukiona ubao umelowa chepechepe baada ya kitunguu kimoja ujue kisu chako ni cha kupakia blubendi tu. Kinoe, kama huna jiwe la kunolea tumia kitako cha kikombe cha udongo, ile sehemu isiyong'aa, pitisha kisu kwa kukilaza kidogo pande zote mbili.

Ya pili baridi. Weka vitunguu kwenye friji nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kukata, kimeng'enya kikipoa kinakuwa mvivu na ile hewa yenyewe hairuki sana. Ila usivihifadhi humo wiki nzima, friji ina unyevu vitaota ukungu na kulainika.

Alafu unavyokaa. Najua wewe unakaa kwenye kigoda unainamia sinia, uso juu ya kitunguu kabisa, sasa hewa inapanda iende wapi kama si machoni? Simama mezani, feni iwe ubavuni ipeperushe pembeni. Upande wa mizizi usiukate mwanzoni, uache ushike tabaka zisisambae, ukate mwisho, na vile ulivyokata usiviache rundo mbele yako, tia kwenye bakuli funika. Na usijifute jicho na kiganja chenye maji ya kitunguu, jana najua ulijifuta, hapo ndo jirani alipokusikia.

Kung'ata njiti ya kiberiti, kuweka mkate mdomoni, nimeyajaribu yote sijaona kitu. Miwani ya kuogelea inafanya kazi kweli, kama huoni aibu. Kukatia ndani ya beseni la maji usithubutu, kitunguu kinateleza utajikata.

Sasa huko kuchoma ulimi ni ukoo ule ule. Kisu kikishapita vinatokea na vitu vingine vingine vyenye salfa, ndo ule ukali na ile harufu inayobaki mdomoni mpaka jioni. Kwa hiyo kachumbari ikate nyembamba kwa kisu kikali, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa vitunguu viwili, fikicha taratibu, kamua, suuza maji mara mbili, alafu ndo ukamulie ndimu. Unachomwaga pale ni yale maji yenye ukali. Usikate asubuhi kwa ajili ya chakula cha usiku, kikikaa kinazidi kuwa kibaya.

Ila ule utamu mwanangu, watu wengi wanadhani moto ndo umeleta. Hapana, sukari ilikuwemo tangu shambani. Kwenye kilo moja ya kitunguu kuna sukari kama gramu 40, yaani kama vijiko kumi vya chai, huisikii tu kwa sababu ukali unapiga kelele juu yake. Moto unafanya mambo mawili: unaua vimeng'enya visitengeneze ukali mpya na ule uliopo unapanda na mvuke, ndo ile harufu inayojaa nyumba nzima. Alafu unafukuza maji, maana karibu gramu 900 za ile kilo ni maji matupu. Kilo yako ikishapungua ikawa kama robo, sukari ile ile imebanana kwenye robo, utaacha kuisikia?

Kwa hiyo vitunguu vyako sita, kama kilo hivi, ukitaka rojo tamu tia mafuta kiasi na chumvi kidogo mwanzoni ili vitoe maji, moto mdogo, geuza geuza. Dakika kumi za mwanzo vitakuwa vinatokota tu, vyeupe, usiongeze moto kwa hasira. Maji yakikauka sauti inabadilika, kutoka kutokota inakuwa kukaanga, sikiliza hiyo sauti, hapo ndo rangi inaanza kuja maana penye maji joto halipandi kuzidi la maji yanayochemka. Kwa moto mdogo ni dakika 40, wanaosema dakika tano wanakudanganya.

Vya biriani ni tofauti, vile vinazama kwenye mafuta mengi ya moto, na umekata nyembamba zinazolingana, la sivyo vingine vinaungua vingine vyeupe. Vitoe vikiwa rangi ya dhahabu, kabla havijafika kahawia unayoitaka, maana hata nje ya mafuta vinaendelea kuiva. Mimi kuna harusi moja nilisubiri vifike kahawia ndani ya sufuria, nilipovitandaza vikawa vyeusi, na sukari ikishaungua inakuwa chungu, hakuna viungo vya kuficha, nilikaanga kilo tano upya saa tisa usiku na bibi harusi hajui mpaka leo.

Vitandaze kwenye sinia usivirundike, vikipoa vitakuwa vikavu. Yale mafuta usimwage, chuja, ndo hayo utayatia kwenye wali.